Nne, Nne, Tano, Nne

(Maneno niliyoyasema mbele ya walimu na wanafunzi wenzangu wa uuguzi hapa Arusha, tuliporudi kutoka mafunzo kwa vitendo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Walimu wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za field.

Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo nililolishuhudia huko likanitatiza. Kituo sitakitaja, na wale niliokuwa nao kule nawaomba nao wasikitaje. Ni kituo cha afya, kiko nje kidogo ya mji, vifodi vinafika. Inatosha.

Nilikuwa kliniki ya mama na mtoto mwezi wa saba, na wote mnaujua mwezi wa saba wa Arusha. Mlima Meru hauonekani mpaka saa tano, akina mama wanafika na watoto waliofungwa mashuka mawili mawili, ukimvua mtoto nguo apande mizani analia kabla hujamgusa. Baridi hiyo naitaja makusudi, maana imo ndani ya kisa.

Chumba cha chanjo kilikuwa na friji moja, ya kawaida kama ya nyumbani, yenye kitufe cha kuzungusha kuanzia 1 hadi 7. Mlangoni imebandikwa chati ya joto. Chati hiyo tumefundishwa hapa: unasoma joto asubuhi na jioni, kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na namba inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Ndani ya friji, katikati ya vichupa, kulikuwa na kile kidude cheupe ambacho wauguzi wanakiita frijitegi. Kinajipimia chenyewe usiku na mchana na kutunza kumbukumbu za siku 30 zilizopita. Kila siku kinakuambia joto lilishuka hadi wapi, likapanda hadi wapi, na kwa muda gani. Joto likikaa juu ya nyuzi 8 kwa saa 10, kinaweka alama ya X. Likishuka hadi nusu nyuzi chini ya sifuri na kukaa huko kwa saa nzima, kinaweka X vilevile. Ona tofauti hiyo: kwa joto unapewa saa 10, kwa baridi unapewa saa moja. Sisi tumelelewa kuogopa joto. Kila mtu akisikia umeme umekatika anakimbilia friji. Akisikia usiku ulikuwa na baridi anavuta blanketi.

Aliyekuwa ananifundisha nitamwita Sista tu, kama tulivyomwita sote. Nimwelezee kidogo, kwa sababu msipomjua mtaniona nasimulia habari ya mtu mbaya. Ana miaka mingi kwenye kazi. Anapima uzito, anachanja, anaandika rejista, anajaza kadi, anafundisha wanafunzi, na saa saba mchana bado anacheka na wazee waliokuja na wajukuu. Mimi ndiye niliyemwona akitoa shuka lake la kazini kumfunika mtoto wa binti mmoja aliyekuja mikono mitupu. Anaishi mbali na kituo. Jumamosi na Jumapili hakuna zamu ya kliniki, na hakuna anayemrudishia nauli ya bodaboda ya kuja kusoma namba mbili na kuondoka.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, Sista huchukua kalamu na kujaza namba za Jumamosi na Jumapili. Nilimwona akifanya hivyo wiki yangu ya kwanza. Sikusema kitu, na kusema kweli sikuona kitu. Nne, nne, tano, nne. Joto la friji lilikuwa nne siku zote, basi na Jumapili litakuwa nne, itakuwa nini tena?

Siku hizi nikiiona chati ya namna hiyo naijua kwa mbali. Ya kweli ina fujo: wino wa bluu, wino mweusi, saini tofauti, 3, 6, 4, mahali fulani 7 yenye mduara na maneno "umeme ulikatika". Ya kubuni imenyooka kama foleni ya shule.

Sasa kisa chenyewe.

Ijumaa ya wiki yangu ya nne umeme ulikatika mchana, ukarudi karibu na saa moja jioni. Joto ndani ya friji lilikuwa limepanda mpaka nyuzi tisa na kidogo. Hapo palikuwa hapajaharibika kitu, kwa kuwa saa 10 hazijatimia na kichupa chenyewe kina alama yake ya kuonyesha kama kimechoka kwa joto. Sista alibaki mpaka umeme uliporudi. Kisha akafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye huruma na chanjo zake angelifanya: akazungusha kitufe kutoka 3 hadi 6, ili friji ipoe upesi, akafunga mlango, akaenda nyumbani.

Mwongozo unakataza jambo hilo hilo. Umeme ukirudi, kitufe hakiguswi, friji itarudi yenyewe pale ilipokuwa. Ukiongeza, itapita pale ulipotaka na kuendelea kushuka. Nayo ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, chumba kina sakafu ya saruji, mlango wa friji haufunguliwi na mtu kwa siku mbili nzima. Jumamosi alfajiri ikapita sifuri.

Jumatatu Sista alifika kabla yangu. Akaona chupa za maji zile tunazopanga chini ili zitunze ubaridi umeme ukikatika, na ndani yake kuna barafu. Akarudisha kitufe kwenye 3. Akajaza chati. Nne, nne, tano, nne. Mimi nikaingia saa tatu kasoro, akaniambia, "Mwanangu, soma joto la asubuhi uandike." Nikasoma 2.6 kwenye frijitegi, nikaandika 3, nikasaini. Juu ya ile 2.6 kulikuwa na X. Niliiona. Sikujua maana yake, na sikuuliza, kwa sababu wamama walikuwa wameshajaa kwenye benchi na mizani ilikuwa inanisubiri. Mniwie radhi, sehemu hii nikiisimulia huwa naiharakisha.

Siku hiyo tulichanja watoto 23 sindano ya pentavalenti, wengine ya kwanza ya wiki ya sita, wengine ya pili na ya tatu. Wengi wao walipata na ile ya nimonia kwenye paja la pili.

Jumanne kulikuwa na utulivu. Nilikuta karatasi ya maelezo ya frijitegi nyuma ya droo, nikaisoma kwa kukosa la kufanya, halafu nikakichukua kidude nikabonyeza kurudi siku moja moja. Jumapili: kiwango cha chini nyuzi 1.9 chini ya sifuri, kwa zaidi ya saa tano. Jumamosi: 2.4 chini ya sifuri, kwa karibu saa saba. Nikainua macho nikaangalia mlangoni. Nne, nne, tano, nne.

Naomba nisimame hapa kidogo nieleze kwa nini baridi ni jambo, kwa sababu hata baadhi yetu humu hatulijui vizuri. Chanjo ya polio ya matone, ya surua na rubela, na ya kifua kikuu, hizo zikiganda haziharibiki. Lakini pentavalenti, ambayo ndani yake mna kinga ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na bakteria wa Hib, ina chumvi za alumini zilizoshikana na chanjo yenyewe ili kuamsha mwili. Ikiganda, vile vipande vidogo vinang'ang'aniana kuwa madonge, na ikiyeyuka haviachani tena. Kichupa kinaonekana kizima. Alama ile ya joto iliyo kwenye lebo haibadiliki, maana yenyewe inapima joto tu, habari za baridi haina. Mtoto ukimchoma hatapata sumu. Anaweza kuvimba zaidi pale ulipochoma, lakini lenye uzito ni kwamba anaondoka na kadi inayosema amekingwa, na huenda hajakingwa.

Nimesema huenda. Neno hilo ndilo lililonifunga miguu. Kichupa kinaweza kukaa chini ya sifuri kwa muda na bado kisigande. Kwa hiyo nilikuwa na jambo ambalo labda si jambo, kuhusu mtu aliyenifundisha kupata mshipa wa mtoto, ambaye wiki nne baadaye ndiye atakayejaza alama zangu kwenye kitabu cha field. Nilirudi nyumbani Jumanne bila kusema. Usiku mama aliniuliza mbona makande siyali, nikamwambia tumbo. Mnaweza kuhesabu wenyewe: kichwani nilikuwa najadili haki na huruma, lakini tumboni ilikuwa ni alama.

Jumatano asubuhi nilimwonyesha kidude. Sikumwonyesha chati.

Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Barafu niliiona. Nikajisemea ni ya maji tu, chanjo haijafika huko." Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo sijalipatia jibu zuri: "Ukiripoti, watazibeba zote. Wiki nzima hapa hakuna chanjo. Mama aliyetembea kutoka huko juu nikimrudisha mara moja, mara ya pili haji. Hao nao utawahesabu kwenye nini?"

Hakuwa anajitetea tu. Kwenye kliniki hizi tunawajua mama wanaorudishwa wasirudi tena.

Lakini ni yeye pia aliyesema, "Tutikise kwanza." Alikuwa anakijua kipimo kuliko mimi. Tulichukua kichupa kimoja cha bechi ileile, akakiandika kwa kalamu nene "KIMEGANDISHWA – USITUMIE", akakiweka kwenye sehemu ya barafu mpaka kesho yake. Hicho ndicho cha kulinganishia: unajua kimeharibika kwa sababu umekiharibu mwenyewe. Na ukiwa na bechi mbili, kila moja inahitaji cha kwake. Kliniki ya siku hiyo aliendesha kwa matone na surua peke yake, akawaambia wa pentavalenti waje Ijumaa.

Alhamisi tulikiacha kiyeyuke chenyewe, bila kukipasha moto. Sista akashika viwili kwa mkono mmoja, hicho na kimoja cha rafu ya chini tunachokitilia shaka, akavitikisa pamoja kama sekunde 15, akavisimamisha dirishani kwenye mwanga. Vyote viwili vilikuwa vyeupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Unakaa unatazama. Cha kulinganishia kinaanza kuachana: juu panakuwa maji, chini panajikusanya unga. Kama kile cha pili kinabaki na ukungu wake na kushuka polepole, kimepona. Kikishuka mwendo mmoja na kilichogandishwa, au kukipita, kimekufa. Unakipa hadi nusu saa.

Hatukuhitaji nusu saa. Dakika kama kumi na tano vilikuwa mapacha.

Vya rafu ya juu tulivipima vitatu, vyote vikabaki na ukungu. Kwa hiyo friji hiyohiyo, usiku huohuo, juu salama, chini hapana. Na Jumatatu tulichomea vichupa vipi? Sista huanza na vilivyo karibu kuisha muda, na hivyo hukaa chini mbele, lakini ilipofika saa nne kulikuwa na vurugu na hata mimi nilichukua viwili kutoka juu. Vichupa vitupu vilishatupwa. Hatukuwa na namna ya kujua ni mtoto yupi alipata kipi.

Sista alichukua simu mwenyewe. Sikumlazimisha, wala sidhani ningeweza. Akampigia mganga mfawidhi, kisha mratibu wa chanjo wa wilaya. Mratibu alikuja mchana uleule na kisanduku cha baridi. Akachukua vya chini, akachukua na chanjo ya polio ya sindano yote bila kuipima, kwa kuwa ile haina alumini na kipimo cha kutikisa hakiwezi kuisemea chochote. Akaagiza watoto wote 23 waitwe warudie. Vichupa vipya vililetwa Ijumaa asubuhi. Ile wiki nzima bila chanjo, tuliyoiogopa, ilikuwa siku mbili.

Mpaka hapo mnaweza kusema kisa kimekwisha vizuri. Kwangu ndipo kilipoanzia.

Taarifa ya tukio niliiandika mimi, Sista alisema mwandiko wangu unasomeka. Nikaandika umeme ulikatika lini, kitufe kilizungushwa lini, joto la frijitegi siku kwa siku, matokeo ya kutikisa. Vyote kweli. Nikafika pale fomu inapouliza joto liligunduliwa lini kuwa limeshuka. Sista alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema taratibu, "Mdogo wangu, chati iache." Ni mara ya kwanza kuniita mdogo wangu badala ya mwanangu. Niliandika Jumanne, siku niliyobonyeza kidude. Barafu ya Jumatatu sikuiandika, na chati sikuitaja. Mratibu alikuwa na haraka, hakutazama mlangoni.

Nimejaribu kujiambia kwamba chati haikumdhuru mtu, kwamba kilichogandisha chanjo ni kitufe. Ni kweli kitufe. Lakini angekuja mtu Jumamosi asubuhi kusoma namba, angekuta chini ya sifuri, angerudisha kitufe, na Jumatatu hakuna anayechomwa kabla ya kutikisa. Na kama Jumatatu nafasi za Jumamosi na Jumapili zingeachwa wazi, hata mimi mgeni ningeuliza mbona hapa patupu. Tumefundishwa kuogopa nafasi tupu kwenye fomu kana kwamba ni dhambi. Wakaguzi nao wakija wanahesabu nafasi tupu, hawahesabu namba za uongo. Ingekuwa shauri langu, chati ingekuwa na kisanduku cha kuandika "hakuna aliyekuja". Sista angekijaza kila wiki bila aibu, na labda mwisho mtu wa wilaya angeona visanduku vingi mno akauliza habari ya nauli.

Kuwaita watoto ilikuwa kazi ya siku tatu. Namba za simu zilikuwa kwenye rejista. Sista alinipa maneno ya kusema: friji ilipata hitilafu, mtoto anahitaji kurudia, hakuna madhara. Niliyasema mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Sikumdanganya mtu, lakini kila nikisema "friji ilipata hitilafu" nilijisikia namsingizia mtu asiyeweza kujibu. Wengi waliitikia tu. Bibi mmoja, aliyemlea mjukuu wake wakati binti yuko sokoni, aliniuliza, "Kwani ile ya kwanza ilikuwa ya nini?" Nikamwambia ilikuwa chanjo, bibi, lakini haikuwa na nguvu. Akasema, "Na mlijua lini?" Nikamjibu Jumanne. Akasema haya, nitamleta. Alimleta, na alipofika alinisalimia kwa mkono kama mtu mzima mwenzake, jambo lililonichoma kuliko kama angenigombeza.

Watoto 19 walirudi. Watatu tuliwapata kupitia wahudumu wa afya wa vijijini wiki iliyofuata. Mmoja simu ya mama yake ilikuwa imezimwa. Jirani alisema wamehamia Mererani, baba amepata kazi mgodini. Tulituma ujumbe huko, sijui kama ulifika. Alikuwa na wiki sita na siku mbili siku ile. Kadi yake ya kliniki anayo, ina tarehe ya pentavalenti ya kwanza kwa mwandiko wangu, na muuguzi yeyote wa Mererani akiifungua atahesabu wiki nne na kumpa ya pili.

Alama alizonipa Sista zilikuwa za juu kuliko za mwanafunzi yeyote aliyewahi kupita pale, mganga mfawidhi mwenyewe aliniambia hivyo kwa furaha. Mwalimu wangu yuko hapa, nilimweleza yote wiki iliyopita pamoja na habari ya fomu. Tumekubaliana nirudi kituoni Jumatatu, nikae na Sista kwanza, kabla ya kwenda kwa mratibu. Sijui atanipokeaje.

Niishie hapo. Mwalimu wa maabara amenipa vichupa viwili vya mazoezi vilivyokwisha muda, kimoja tulikigandisha jana. Anayetaka kuona vinavyoachana asogee huku dirishani, kuna mwanga.